Siku mbili zile zilikuwa zangu

Kwenye kipindi cha juzi niligusia kesi ya nyumba ya babu Tanga, na wengi mmeniuliza ilikuwaje hata tukakosa tarehe. Nilisema kwa haraka, "Baba aliumwa." Ni kweli, aliumwa. Lakini si jibu kamili, na hili ndilo nililojifunza kwa shida mwaka 2024. Basi leo naandika polepole, maana kwenye maikrofoni nisingeweza.

Sisi kwetu ni Ibra. Mie nafanya kazi Nizwa, naenda kwa wazee wikiendi. Babu alirudi Oman miaka ile watu walipokuwa wakirudi, akaacha nyumba Tanga, na nyumba ikaingia mgogoro wa mpaka na jirani. Kesi ikasikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baba alikwenda mwenyewe, hana wakili, akisema Kiswahili chake kinamtosha. Kilimtosha, ila tarehe 4 Machi 2024 tulishindwa.

Ukishindwa pale, unakata rufaa Mahakama Kuu, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya Tanzania kinakupa siku 45. Hesabu inaanza kesho yake, kwa hiyo siku yetu ya mwisho ilikuwa Alhamisi tarehe 18 Aprili. Baba akaona siku ziko tele. Aliomba nakala ya hukumu kwa mdomo pale dirishani, akaambiwa arudi, naye tarehe 9 Machi akapanda ndege kuja kufunga Ramadhani nyumbani. Tiketi ya kurudi Tanga alikuwa nayo mkononi, ya tarehe 13 Aprili, siku chache baada ya Idi. Ikumbukeni tiketi hii.

Tarehe 30 Machi akashikwa na moyo. Akalazwa Ibra, akatoka tarehe 14 Aprili, na daktari akampa wiki mbili za kupumzika bila safari mpaka arudi kliniki tarehe 28. Tarehe 18 ikapita baba akiwa kitandani sebuleni, anatazama taarifa ya habari. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno kuhusu Tanga.

Tulipofika Tanga mwanzoni mwa Mei, kitu cha kwanza tulikwenda masijala ya Mahakama Kuu. Mie nilidhani ni kama idara nyingine: unamwona karani, unamwonyesha karatasi za hospitali, anakugongea muhuri, anakuongeza wiki mbili. Karani alikuwa mama mpole. Alizitazama karatasi, akamrudishia baba kwa mikono miwili. "Pole sana mzee wangu. Lakini mie muda sina wa kukupa. Muda anao jaji."

Yaani masijala inapokea ombi tu. Anayeongeza muda ni jaji, na humwombi kwa barua ya kubembeleza. Unafungua ombi kamili lenye namba yake, na ndani yake kuna hati ya kiapo. Upande wa pili unapelekewa nakala, unajibu kwa kiapo chake, halafu mnabishana. Ni kesi ndogo inayozaliwa kabla ya rufaa yenyewe. Ukishindwa hiyo, rufaa haisomwi hata iwe nzuri vipi.

Wakili tuliyempata alituambia jambo lililoniuma. Sheria ile inaruhusu kuomba muda hata kabla siku 45 hazijaisha. Baba alilazwa zikiwa zimebaki siku 19. Ningempigia wakili simu kutoka Nizwa wiki ile, jambo lingekuwa jepesi mno. Sikujua, na sikuuliza.

Kisha akaomba kalenda. Hakutaka kusikia habari za moyo kwanza. Alisema mpaka tarehe 18 hukuchelewa, siku zile 45 ni haki yako, ingawa jaji akiona ulizipuuza hatafurahi. Kuchelewa kunaanza tarehe 19 Aprili na kunakwisha siku ombi linapopokelewa. Na kila siku ya katikati lazima iwe na maelezo, hata moja isibaki tupu. Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi. Uamuzi unaotajwa kila mahali ni wa kampuni ya Lyamuya Construction, ombi namba 2 la mwaka 2010. Pale viliwekwa vipimo: ueleze muda wote uliochelewa, usiwe umepitiliza, uwe umeonyesha bidii wala si uzembe, na kama hukumu yenyewe ina kasoro kubwa ya kisheria, hiyo nayo inaweza kuwa sababu.

Ombi letu liliingia tarehe 16 Mei. Hesabuni: ni siku 28. Na ugonjwa wa baba, sababu yetu kubwa tuliyokuwa tukiitaja kwa kila mtu, ulifunika siku 10 tu, tarehe 19 mpaka 28 Aprili. Siku 18 zilizobaki baba alikuwa mzima.

Rasimu ya kwanza ya kiapo ilisema, "Baada ya kupata nafuu nilifanya juhudi mara moja." Wakili aliipiga mstari mwenyewe alipoisoma tena. Mara moja ndiyo lini? Akataka kila sentensi iwe na tarehe, na kila tarehe iwe na karatasi.

Basi usiku ule nikakaa na baba chumba cha wageni, tukamwaga mifuko. Nyingine zilikuwa rahisi. Ndege ilikuwa tarehe 3 Mei: muhuri wa pasipoti. Basi la kwenda Tanga tarehe 4: tiketi. Tarehe 5 Jumapili. Tarehe 6 kwa wakili: risiti. Tarehe 7 mpaka 13 tulingoja nakala ya hukumu, maana wakili hakutaka kuapisha mtu juu ya hukumu asiyoiona. Safari hii tuliomba kwa barua, nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa tarehe 7, na risiti ya kulipia ni ya tarehe 13. Siku saba zikafungwa na karatasi mbili. Lile ombi la mdomo la mwezi wa tatu halikutusaidia kitu. Maneno ya dirishani hayana muhuri. Tarehe 14 baba akaapa, na siku mbili zilizofuata zikaenda kwenye kuingiza ombi na kulipia ada.

Na ile tiketi ya 13 Aprili? Wakili aliipenda kuliko karatasi za hospitali. Ilionyesha kwamba kabla hajaumwa, baba alikwisha panga kurudi siku tano kabla ya mwisho. Hospitali inasema kwa nini hukwenda. Tiketi inasema ulikuwa unakwenda.

Zikabaki tarehe 29 na 30 Aprili, na 1 na 2 Mei. Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa asisafiri peke yake, kwa hiyo mie ndiye wa kumsindikiza. Fomu yangu ya likizo imejazwa tarehe 1 Mei, imekubaliwa tarehe 2. Sawa. Na 29 na 30?

Tarehe 28, akitoka kliniki, baba alinipigia: "Mwanangu, nimeruhusiwa. Tafuta tiketi." Nikamwambia inshallah. Kazini tulikuwa na mkutano, nikasema kesho. Kesho yake nikasahau. Hivyo tu. Hakuna mafuriko, hakuna msiba, hakuna mtandao kukatika. Nilisahau siku mbili.

Ami yangu alipopata habari akapiga simu kutoka Sur. Kwake jambo lilikuwa dogo: aombwe daktari aandike mapumziko mpaka tarehe 30, nani atajua? Nakiri, mie niliona ni wazo zuri. Baba alikuwa anasikiliza kwenye spika. Akasema, "Mie ndiye nnayeapa. Wewe utakuwa Sur."

Wakili alilieleza kwa upande wake. Kliniki ina rekodi ya tarehe 28, na upande wa pili una haki ya kuuliza. Aya moja ya uongo ikikamatwa, jaji haamini tena hata ile ya moyo, ambayo ni kweli tupu. Bora pengo dogo lililokirikwa.

Halafu akanigeukia mie. Kiapo cha baba hakiwezi kusema nilichofanya au nilichosahau mie. Hayo anayajua kwa kusikia. Kama kiapo kinamtaja mtu mwingine, mtu huyo naye aape. Kwa hiyo nikaandikiwa changu, aya sita. Aya ya nne inasema nilipokea simu tarehe 28, na kwamba tarehe 29 na 30 sikufanya chochote kwa kughafilika kwangu, wala baba hakujua mpaka tarehe 1. Kiapisho hakiwezi kufanywa na wakili wako mwenyewe, kwa hiyo tulivuka barabara kwa wakili mwingine ambaye ni kamishna wa viapo. Alihakikisha mahali na tarehe vimeandikwa pale chini, kwa sababu kiapo kisicho na hivyo hutupwa.

Jambo moja la kuwafurahisha ninyi mnaodhani Kiswahili chetu ni cha jikoni tu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama Tanzania ni Kiswahili. Kiapo changu niliapa nikikielewa neno kwa neno, isipokuwa "kughafilika", ambalo nilidhani ni Kiarabu cha kwetu mpaka wakili aliponiambia lipo siku zote.

Wakili wa jirani alifanya kazi yake. Katika hoja zake za maandishi aliziacha karatasi za hospitali, akaenda moja kwa moja kwenye 29 na 30 Aprili: uzembe wa mtoto ni uzembe wa mzee, sheria haimsubiri anayesahau. Nilisoma hoja ile Nizwa, kwenye gari, nje ya ofisi. Sikuona pa kumkosoa.

Uamuzi ulisomwa Septemba. Jaji alisema siku zile mbili hazina sababu nzuri. Halafu akasema ni chache kati ya 28, zimeelezwa bila kufichwa na mtu aliyezisababisha, na mwombaji mwenyewe alionyesha bidii tangu alipokata tiketi yake ya kwanza. Akatupa siku 14 za kufungua rufaa, kila upande ubebe gharama zake.

Tulifungua siku ya nne. Baba aliuliza mara mbili kwenye simu kama risiti imetoka, nikampigia picha nikamtumia, na bado akasema nimsomee tarehe.