Faili la Jirani na Nyayo za Karani



Zamani faili la mgonjwa lilikuwa jalada la karatasi lililofungwa kwa uzi na kupangwa rafuni. Aliyelichomoa, akalisoma na kulirudisha mahali pake hakuacha alama yoyote. Leo hospitali zetu nyingi zimehamia kwenye kompyuta, na watu wengi wanadhani kusoma ni kule kule, kwamba jicho halina nyayo. Kisa nitakachowasimulia chaonyesha kinyume chake. Mama mwenye kisa ameniridhia nikiandike, nami nimeyaacha majina, mtaa, hospitali na maradhi yake, kwani itakuwa ajabu kukemea kutoa siri kwa kuitoa mara ya pili.

Mama huyu alikwenda hospitali siku ya Jumanne. Daktari akampima, akachukua sampuli, akamwambia majibu yatakuwa tayari baada ya wiki mbili. Mama alimweleza mumewe peke yake, aliye kazini Ghuba, wakakubaliana wasimwambie mtu mpaka harusi ya binti yao ipite. Hakutaka furaha ya mtoto ichanganyike na machozi.

Jumamosi ya wiki ya pili, siku ya kutiwa hina, mgeni mmoja alimkumbatia akamnong'oneza: "Pole dada yangu. Allah akupe shifaa, uishi uwaone wajukuu." Mama alisimama pale na sinia ya halwa mikononi, asijue aitike nini. Alikuwa hajapata hata majibu.

Madhara makubwa yalifuata Jumanne yake. Ile ndiyo siku ya kuchukua majibu, naye hakwenda. Muuguzi alimpigia simu, akaikuta imezimwa. Wiki ya tatu daktari alimpigia mwenyewe kupitia nambari ya mumewe, na ndipo mama akasema: "Daktari, kwenu sirudi. Maneno yangu yamefika kwenye hina kabla hayajanifikia mimi." Daktari alijua kwamba yeye hakusema na mtu. Akalipeleka jambo kwa afisa wa kumbukumbu za afya, yule anayesimamia mafaili ya wagonjwa wote.

Mama aliponiomba nifuatane naye na kaka yake kwenda kusikiliza matokeo ya uchunguzi, nilikubali. Afisa yule alitueleza kwa utulivu, na mengi ninayoandika hapa nimeyasikia kwake.

Mfumo wa hospitali, alisema, huandika mambo mawili. La kwanza ni habari za mgonjwa. La pili ni habari za wanaozisoma, nazo huitwa kumbukumbu za ukaguzi. Mafundi huziita logi. Kila faili likifunguliwa, mstari mmoja huandikwa wenyewe: akaunti ya mtumishi aliyefungua, tarehe na saa, kompyuta iliyotumika, ukurasa uliotazamwa, na kama alitazama tu, alibadilisha au alichapisha. Karani hawezi kuufuta mstari huo, na wala hauoni anapofanya kazi yake.

Faili la mama lilikuwa na mistari 17 tangu siku ile ya Jumanne. Afisa hakuanza kwa kumtafuta mwizi. Alichukua kila mstari na kuuliza swali moja: je, siku hii na saa hii, kulikuwa na kazi iliyomlazimu mtu huyu kulifungua faili hili? Mistari 11 ilikuwa ya siku ya ziara yenyewe: mapokezi, muuguzi, daktari, maabara, keshia. Mmoja ulikuwa wa fundi wa maabara aliyepokea sampuli, na mwingine wa kuingiza majibu, Jumatatu alasiri ya wiki mbili baadaye. Miwili ilikuwa ya daktari, aliyemngoja mgonjwa asiyekuja. Hiyo ni 15, na yote ilikuwa na sababu.

Ikabaki miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Alhamisi, siku mbili baada ya ziara, saa 1:42 usiku, kutoka kompyuta ya mapokezi ya wagonjwa wa dharura. Mama hakuwapo hospitalini usiku ule. Faili lilitafutwa kwa kuandika jina, si kwa nambari ya kadi. Baada ya ukurasa wa jina na umri, ukafunguliwa ukurasa wa maelezo ya daktari, kisha wa vipimo vilivyoagizwa. Yote yalichukua dakika 6. Wa pili ulikuwa wa ile Jumatatu, saa 12:55 asubuhi, mwisho wa zamu ya usiku, akaunti ile ile. Safari hii mtu alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa majibu, akaukuta mtupu, akatoka baada ya sekunde chache.

Akaunti hiyo ilikuwa ya karani kijana, binti wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwa mama.

Karani alipoitwa alikuwa na majibu mawili, na yote mawili yanastahili kusikilizwa, kwani hutokea kweli. La kwanza: alikosea jina. Sisi watu wa Pwani tunajua jinsi majina yetu yanavyofanana. Hospitali moja huweza kuwa na wanawake kumi wenye jina moja la kwao na la baba. Lakini kosa la jina lina sura yake. Mtu hulifungua faili, huona umri au simu si yenyewe, hulifunga baada ya sekunde chache, na mara hiyo hiyo hulifungua lile sahihi. Afisa aliitazama orodha ya waliofika dharura usiku ule, hakuona mwenye jina hilo. Na baada ya dakika zile 6 hakuna faili la mwanamke mwingine lililofunguliwa.

Jibu la pili: mtu mwingine alitumia akaunti yake, kwa kuwa makarani huazimana nywila foleni inapokuwa ndefu. Hili ni zito zaidi, kwani mstari wa logi hutaja akaunti, hautaji uso. Hapo afisa alitazama kabla na baada. Saa 1:38 akaunti ile ile ilimsajili mtoto mwenye homa. Saa 1:51 ilimsajili mtu aliyeanguka na pikipiki. Risiti zote mbili zina saini ya mkono ya karani huyo, na jina lake limo katika orodha ya zamu. Mwingine angelazimika kukaa kitini pake kwa dakika chache baina ya wagonjwa wawili aliowahudumia mwenyewe. Na usiku wa kuamkia Jumatatu ile zamu ilikuwa yake vile vile.

Karani alilia, akasema kweli. Alimwona jirani yake akitoka kliniki ile Jumanne, uso umebadilika, na moyo haukumtulia. Hakukusudia ubaya. Alimwambia dada yake kwa kumhurumia mama, na akamsihi asiseme. Dada naye akamhurumia, akamwambia shoga yake, akamsihi asiseme. Ndivyo huruma ilivyotembea mpaka ikafika kwenye hina.

Nataka tuione mipaka ya ushahidi huu. Logi ilionyesha faili limefunguliwa. Haikuonyesha neno lililotoka kinywani. Hilo tulilijua kwa ungamo lake tu. Lau daktari au muuguzi aliyemhudumia mama ndiye aliyepeleka maneno, mistari yote ingekuwa safi. Logi haioni kioo cha kompyuta kilichogeuzwa kuelekea foleni, wala haioni jalada la karatasi. Na haisemi mpaka iulizwe. Mistari ile miwili ilikaa wiki nzima na zaidi bila ya mtu kuitazama.

Nilimuuliza afisa kwa nini karani wa mapokezi aweze kusoma maelezo ya daktari. Akajibu bila kujificha: makarani hao hao hutayarisha madai ya bima, na dai halikubaliwi bila kutaja maradhi, basi walifunguliwa mlango wote badala ya dirisha. Tangu kisa hiki hospitali imewatenga. Wa mapokezi huona jina, umri, simu na bima. Anayetaka kuingia ndani zaidi hutakiwa kuandika sababu, na kila wiki afisa huyapitia mafaili yaliyofunguliwa pasi na mgonjwa kuwapo. Karani alisimamishwa kazi kwa muda, kisha akahamishiwa mahali pasipo na mafaili.

Baadaye mama wa karani alinijia kwa machozi, akitaka nimsihi jirani aiondoe shitaka. Nilimwambia: "Bi mkubwa, hapa mna haki mbili. Ya kusamehe ni ya jirani yako, na sitamshurutisha. Ya hospitali kulinda wagonjwa wengine si yake kuisamehe." Dini yetu imekataza kupeleleza aibu za watu kabla hata ya kukataza kuzisema, na binti alikosea pale alipoandika lile jina, hata lau asingemwambia mtu. Wiki chache baadaye alikwenda kwa jirani pamoja na mamake, akaomba radhi kwa ulimi wake. Walinyamaza kwa muda mrefu, kisha mama akamkaribisha kahawa.

Mama zangu na dada zangu, mkishuku kwamba faili lenu limesomwa na asiyehusika, msikimbie matibabu. Andikeni barua kwa hospitali, mtaje nambari ya kadi, siku mlizohudhuria, na siku mliyosikia maneno, muombe kumbukumbu za ukaguzi za faili lenu zikaguliwe. Siku mlizohudhuria ndizo muhimu zaidi, kwani kwazo mstari wenye sababu hutengwa na usio nayo. Andikeni mapema, kabla kumbukumbu hazijafutwa. Huenda msitajiwe jina la mtumishi, lakini mna haki ya kujua data yenu inatumiwa vipi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 imeiweka hali ya afya ya mtu katika data nyeti, na hospitali isipowajibu mnaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo sheria imeipa siku 90 kumaliza uchunguzi wa lalamiko.

Mama alirudi kwa daktari, zaidi ya mwezi baada ya siku aliyopangiwa. Wengi wameniuliza majibu yalikuwaje. Mimi sikumuuliza, na hakunilazimu kujua.

Wabillahi tawfiq.