Akiba Si Baki: Kuandaa Bajeti ya Kambi ya Matibabu

Mwanafunzi wangu mpenzi, kuna maneno mawili ambayo wengi wenu huyachanganya: akiba na baki. Baki ni kile kinachosalia baada ya matumizi. Akiba ni kile kinachotengwa kabla ya matumizi, kwa ajili ya jambo ambalo bado halijatokea. Tofauti hiyo niliielewa vyema nilipokuwa mweka hazina wa kamati iliyoandaa kambi ya matibabu ya siku moja katika kijiji kimoja cha mlimani, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgoni. Matabibu na wauguzi walijitolea kutoka mjini Mbale, na fedha zilichangwa na walimu, wafanyabiashara na wazazi. Nataka tuipitie bajeti ile pamoja, fungu kwa fungu.

Wengi huanza bajeti kwa kuuliza, "Tuna shilingi ngapi?" Wengine huuliza, "Kijiji kina watu wangapi?" Maswali yote mawili ni ya haki, lakini si ya kwanza. La kwanza ni hili: matabibu watakaokuja wanaweza kuwaona wagonjwa wangapi bila kuharakisha? Tulikuwa na matabibu watano. Tabibu makini, anayemsikiliza mgonjwa, kumpima na kuandika dawa, huona takribani wagonjwa saba kwa saa. Kambi ilipangwa kufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Ukitoa saa moja ya chakula, zinabaki saa sita za kazi. Watano mara saba mara sita ni 210.

Namba hiyo, 210, ndiyo nguzo ya bajeti nzima. Ukiandika 500 kwa sababu kijiji ni kikubwa, utanunua dawa za watu ambao hakuna atakayewapima, na matabibu watalazimika kuwapitisha wagonjwa kama magunia sokoni. Sisi tuliandaa kadi 210 zenye namba, na mwenyekiti wa kijiji akazigawa siku moja kabla, akianza na wazee, wajawazito na watoto wadogo.

Baada ya kujua idadi, tuligeukia fungu kubwa kuliko yote, yaani dawa na vipimo. Hapa ndipo ubashiri huleta hasara, kwa hiyo hatukubashiri. Sista anayesimamia kituo cha afya cha karibu alitufungulia daftari la wagonjwa wa nje, nasi tukasoma kurasa za mwezi uleule wa mwaka uliotangulia. Katika kila wagonjwa kumi, wanne walikuja na homa. Kwa watu 210, hao ni 84 wa kupimwa malaria. Vipimo vya haraka tulivinunua katika maboksi ya vipimo 25, basi tukahesabu maboksi manne. Daftari lilionyesha pia kwamba karibu nusu ya waliopimwa walikutwa na vimelea. Tukakadiria wagonjwa 42 wa malaria, 14 kati yao wakiwa watu wazima.

Sasa angalia jinsi mgonjwa anavyogeuka kuwa vidonge. Mtu mzima hutumia vidonge vinne vya dawa mseto ya malaria, asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Hivyo ni vidonge 24 kwa mtu mmoja, na 336 kwa watu 14. Watoto huhesabiwa kwa uzito wao, na pakiti zao ni tofauti na za watu wazima. Kanuni ni kwamba dawa hununuliwa kwa dozi kamili, haigawanywi kwa mafungu ya kutosheleza watu wengi. Mgonjwa anayepewa dozi ya siku moja na nusu hupata nafuu kidogo, kisha homa humrudia kambi ikiwa imekwisha kuondoka.

Swali gumu zaidi liliibuka tulipofika kwenye dawa za shinikizo la damu. Mjumbe mmoja alipendekeza kila mwenye shinikizo kubwa apewe vidonge vya siku saba, ili fedha zifikie wengi. Sista alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, ugonjwa huu hauondoki kwa wiki moja. Siku ya nane mama huyu atameza nini?" Chumba kikanyamaza. Ugonjwa wa maisha hauwezi kuingizwa katika bajeti ya siku moja kana kwamba ni mafua. Tulikubaliana kwamba fungu hilo lisiandikwe mpaka kituo cha afya kithibitishe kwa maandishi kuwa kina dawa hiyohiyo na siku maalumu ya kliniki. Uthibitisho ulipokuja, tukakadiria wagonjwa 20 na kununua vidonge 30 kwa kila mmoja, kimoja kwa siku, pamoja na barua ya kumpeleka kliniki kabla mwezi haujaisha. Kama uthibitisho usingekuja, tungewapima na kuwapa rufaa tu.

Dawa nyingine, vipimo, glavu na visanduku vya kutupia sindano vilijumlishwa humo humo, na fungu likafika shilingi za Uganda 2,700,000. Kila kitu kilinunuliwa kwenye duka la dawa lenye leseni, na mfamasia wetu alisoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila boksi kabla sijalipa. Nakushauri ufanye hivyo hasa unapopunguziwa bei sana; mara nyingi punguzo kubwa ni dalili kwamba dawa inakaribia kuisha muda wake.

Mafungu matatu yaliyofuata yalikuwa mepesi kuhesabu. Mahema matatu kwa 150,000 kila moja, viti 150 kwa 1,000 kila kimoja, na meza kumi kwa 10,000, jumla 700,000. Usafiri ulifika 900,000: basi dogo la wahudumu 350,000, pikapu ya mizigo 250,000, bodaboda za kuwaleta wazee wasioweza kutembea 100,000, na gari la kusubiri 200,000. Gari la kusubiri lilizua maswali, kwa maana lingeegeshwa siku nzima bila kazi. Lakini mgonjwa mahututi akifika kambini, haiwezekani kuanza kumtafutia gari wakati huo. Chakula kilikuwa 750,000: wahudumu 30 kwa 20,000 kila mmoja, yaani 5,000 za kifungua kinywa, 12,000 za mchana na 3,000 za maji; kisha 150,000 za uji wa wazee na watoto wanaosubiri foleni.

Jumla ya mafungu manne ikawa 5,050,000. Tukaongeza akiba ya asilimia kumi, yaani 505,000, na jumla kuu ikawa 5,555,000. Michango iliyopatikana ilikuwa 4,950,000. Tulipungukiwa na 605,000.

Hapa, mwanafunzi wangu, ndipo bajeti hupimwa tabia. Wajumbe kadhaa walisema akiba ifutwe: "Hizi fedha hazina kazi, tuziondoe, pengo lililobaki litakuwa dogo." Hoja hiyo huvutia, kwa sababu akiba haina sura. Dawa unaiona, hema unaliona, lakini akiba ni mstari mtupu kwenye karatasi. Nilijibu kwamba mafungu mengine yote yameandikwa kwa kudhani kwamba mambo yatakwenda kama tulivyopanga, na akiba ndiyo fungu pekee linalokiri kwamba huenda yasiende hivyo. Tukiifuta, hatutakuwa tumepunguza gharama. Tutakuwa tumeihamisha tu, kutoka kwenye karatasi hadi kwa mgonjwa.

Badala yake tulipitia kila mstari na kuuliza: je, kitu hiki kinaweza kupatikana bila fedha? Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alitupa madarasa, nasi tukaacha mahema mawili, tukabaki na moja la kusajili wagonjwa. Hapo tuliokoa 300,000. Madawati yalichukua nafasi ya viti 100, tukaokoa 100,000. Akina mama wa kijiji walijitolea chai na viazi vitamu vya asubuhi, tukaokoa 150,000. Mafungu manne yakashuka hadi 4,500,000, na asilimia kumi yake ikawa 450,000. Jumla ilikuwa 4,950,000, sawasawa na michango, wala hatukugusa kidonge kimoja. Msaada wa vitu tuliuandika pia kwenye daftari la hesabu pamoja na thamani yake, ili kambi ya mwaka mwingine isidhani kwamba chai na madarasa havina gharama.

Akiba ilikuwa na sheria zake. Ilikaa katika bahasha ya peke yake. Haikufunguliwa bila sahihi mbili, yangu na ya Sista. Na ilikuwa kwa mambo matatu tu: hali ya hewa, upungufu wa dawa iliyokwisha kuandikwa, na dharura ya mgonjwa. Fulana za kumbukumbu, soda za wageni na zawadi havikuruhusiwa hata kama jioni fedha zingebaki zote.

Siku ilipofika, mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara ya mwisho kuwa utelezi. Pikapu ilikwama chini ya mlima, na vijana wenye bodaboda wakayabeba maboksi kwa awamu. Tulilipa 90,000. Saa saba mchana mfamasia aliniita. Wagonjwa walioonwa walikuwa zaidi kidogo ya nusu, lakini pakiti za malaria za watoto zilikuwa zimebaki chache mno. Kumbuka dalili hiyo: linganisha wagonjwa waliokwisha kuonwa na dawa iliyokwisha kutolewa, na ufanye hivyo mchana, wakati bado unaweza kutenda, usingoje jioni. Tulitia sahihi, mtu akaenda mjini kwa gari la kusubiri huku pikapu, iliyokwisha kunasuliwa, ikishika zamu yake, naye akarudi na pakiti za 140,000 kabla ya saa tisa.

Watoto waliokuwa mwishoni mwa foleni walipata dozi kamili. Ukitaka kujua akiba hufanya kazi gani, ni hiyo. Kama tungeifuta siku ile, tungewagawia nusu dozi au kuwarudisha nyumbani na homa zao.

Zilisalia 220,000. Hizo sasa ndizo zinazoitwa baki. Jumapili iliyofuata nilisoma hesabu yote mbele ya mkutano wa kijiji, risiti zikiwa mezani, na dawa zilizosalia zikakabidhiwa kituo cha afya kwa orodha iliyotiwa sahihi. Mzee mmoja aliuliza baki litatumikaje. Mkutano ulijadili, kisha ukaamua liwe nauli ya wale waliopewa barua za kliniki na hawakuwa na uwezo wa kufika huko mwezi wa pili.