Barua ya Kurejesha Gari Lenye Aibu

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Shinyanga, na elimu yangu ya skuli iliishia darasa la mwisho la msingi. Sikupata kudhani kuwa siku moja nitaketi kumwandikia mtu barua ya kumdai shilingi milioni kumi na nne na nusu. Lakini yamenifika, na kwa kuwa najua nyumba nyingi zitafikwa na mfano wake, nimeona vema nikusimulieni jinsi ilivyokuwa, na jinsi barua yenyewe ilivyoandikwa.

Mpwa wangu alikuwa na fedha alizozipata kwa kuuza ng'ombe wa marehemu baba yake. Akataka kununua gari la kubebea mpunga, kutoka majarubani hadi mashineni. Jumamosi ya tarehe 12 Julai, 2025, alinunua pikapu, Toyota Hilux, kwa mtu mmoja wa upande wa Geita ambaye alikuwa akilitumia kubebea viroba vya mawe ya dhahabu, kutoka mashimoni kwenda kwenye karasha. Bei ilikuwa shilingi 14,500,000. Milioni 14 zilipitia benki, na laki tano alitoa mkononi, na yote yaliandikwa katika hati mbele ya wakili. Kabla ya kununua, mpwa wangu aliuliza kwa ujumbe wa simu: "Chesisi imewahi kupasuka au kuchomelewa?" Akajibiwa: "Haijaguswa tangu ije." Alhamdulillahi, ujumbe ule hakuufuta.

Siku ya tisa, akitoka safari yake ya tatu na mzigo wa mpunga, alisikia mlio nyuma ya kichwa cha gari. Fundi aliliosha kwa maji ya nguvu na kuinama chini. Chesisi yote ilikuwa na vumbi na kutu ya kawaida, ila mahali pamoja, pale kichwa kinapokwisha na bodi kuanza, palikuwa pamepakwa rangi nyeusi nzito mfano wa lami. Alipoikwangua akaona bamba la chuma limechomelewa juu ya ufa wa zamani, na kando ya bamba ufa mpya umeanza kutembea. Akatuonyesha na dalili nyingine ambayo sisi tungaliweza kuiona siku ya kwanza, lau tungalijua: mwanya ulio kati ya kichwa na bodi ulikuwa mpana juu na mwembamba chini. Maana yake ni kuwa mgongo wa gari ulikwisha pinda kwa mizigo, na nyuma yake imelala. Chuma kilichopasuka kwa uzito hakiponi kwa bamba tu. Moto wa kuchomelea hukidhoofisha pembezoni, na ufa huanza tena hapo hapo.

Mpwa wangu alinijia usiku, na maneno yake ya kwanza ndiyo yaliyonitisha kuliko ufa wenyewe. Alisema, "Mjomba, rangi nyeusi ni bei ndogo. Tulipake tena, tuliuze Mwanza, yaishe." Sikumkasirikia, kwani fedha ile ilikuwa ya mayatima wenzake pia. Nilimsimulia habari iliyomo katika Muwatta ya Imamu Malik. Abdullahi bin Omar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti ya kuwa hatadaiwa kwa aibu yoyote. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakafika mbele ya Sayidna Othman, naye akahukumu kuwa Abdullahi aape kwamba alipouza hakujua maradhi hayo. Abdullahi akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake; na alipopona akamwuza kwa dirhamu 1,500. Nikamwambia mpwa wangu: "Wewe leo umekwisha jua. Ukiliuza Mwanza kwa kulifunika, hutaweza kuapa." Akainamisha kichwa, na gari halikuuzwa.

Kisha akataka jambo la pili: apeleke safari moja tu zaidi, kwani mpunga wa watu ulikuwa unangoja. Hili nalo nilimkataza, na hapa ndipo wengi hupoteza haki zao. Katika madhehebu yetu ya Shafii, hiari ya kurejesha kitu kwa sababu ya aibu ni ya papo hapo: mwenye kuijua aibu akaendelea kukitumia kitu kwa raha yake amehesabiwa kuwa ameridhika. Sheria ya serikali haiko mbali na hayo, kwani Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humhesabu kuwa amekipokea kitu yule anayekaa nacho muda mrefu bila kutoa habari kuwa anakikataa. Basi gari likaegeshwa usiku ule ule, na tukaandika kilometa zake mbele ya fundi.

Asubuhi mpwa wangu alileta barua aliyoiandika mwenyewe. Ilijaa "mwizi" na "tapeli", ikataja na matairi yaliyochakaa na taa iliyopasuka. Nikaichana kwa ruhusa yake. Matairi na taa alikuwa ameviona kwa macho yake siku ya kununua, na aibu uliyoiona ukanunua si aibu ya kurejeshea. Ama matusi, hayaongezi haki hata shilingi moja, na humpa mwenzio njia ya kugeuza maneno. Kwa Shafii, aibu ya zamani inayopunguza thamani hurejesha kitu hata kama muuzaji hakuijua. Kwa hiyo barua haina haja ya kumwita mtu mwongo. Yatosha kusema palikuwa na nini, kuliulizwa nini, na kulijibiwa nini.

Hata hivyo wakili alitueleza kuwa mbele ya serikali neno la kuficha lina uzito wake. Muuzaji wetu hakuwa mfanya biashara wa magari, na mzigo wa kudhamini ubora huwaelemea zaidi wale ambao kuuza bidhaa ya namna hiyo ndiyo kazi yao. Lakini kuficha hakumwachi yeyote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 17 huhesabu kuficha kwa vitendo jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na kifungu cha 19 humpa aliyedanganywa hiari ya kuuvunja mkataba. Kunyamaza peke yake kwa kawaida hakutoshi. Rangi nyeusi si kunyamaza. Mimi nilikumbuka ile hadithi ya Mtume, s.a.w., ya kukataza kumfunga chuchu mnyama ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ni wa maziwa mengi: naye mnunuzi amepewa hiari ya kumrejesha.

Hii ndiyo barua tuliyoipeleka:

*Shinyanga, 22 Julai, 2025.*

*Kwa Ndugu Muuzaji. Assalaam alaikum.*

*Yah: Kuvunja mauzo ya gari na kudai kurejeshewa fedha.*

*Tarehe 12 Julai, 2025, uliniuzia pikapu Toyota Hilux, ambayo namba zake za usajili na za chesisi zimo katika hati ya mauzo, kwa shilingi 14,500,000, nami nilikulipa zote.*

*Kabla ya kununua nilikuuliza kwa maandishi kama chesisi imewahi kupasuka au kuchomelewa, nawe ulijibu kuwa haijaguswa. Kwa kulitegemea jibu hilo nilinunua.*

*Tarehe 21 Julai fundi aliona, nyuma ya kichwa cha gari, bamba lililochomelewa juu ya ufa wa zamani, likiwa limefunikwa kwa rangi nyeusi. Maelezo yake na picha vimeambatishwa. Kasoro hii haikuweza kuonekana kabla ya rangi kukwanguliwa, na gari halifai kubeba mzigo, kazi ambayo ulijua nalinunulia.*

*Kwa sababu hiyo nauvunja mkataba wa mauzo tangu leo. Sitaki kutengenezewa wala kupunguziwa bei. Gari nimeliacha kulitumia tangu jana, liko salama kwangu pamoja na kadi yake, ambayo haijabadilishwa jina, na unakaribishwa kulikagua ukiwa na fundi wako.*

*Nakutaka unirejeshee shilingi 14,500,000, pamoja na shilingi 85,000 za ukaguzi, jumla 14,585,000, kabla ya tarehe 5 Agosti, 2025. Gari na kadi nitakukabidhi saa ile ile fedha itakapotimia. Siku hiyo ikipita nitalipeleka shauri mahakamani.*

*Wassalaam.*

Tulitoa nakala tatu. Moja alipelekewa kwa mkono, akatia sahihi yake na tarehe katika nakala yetu. Ya tatu ikabaki kwa wakili. Picha zikapelekwa kwa simu pia.

Siku ya sita alikuja, pamoja na mzee mmoja wa msikiti wao. Alisema, "Maalim, kijana ameliona, ameliendesha, ameridhika." Nikamwonyesha ujumbe wa swali lake na jibu lake. Akasema basi atatoa milioni moja na nusu, gari libaki. Hili ni jambo la kukubaliana, wala hapana mwenye kumlazimisha mwenziwe; na sisi gari lenye mgongo uliovunjika hatukulitaka kwa bei yoyote, kwani siku moja lingemlaza mtu njiani. Akadai kisha akatwe fedha ya siku tisa alizotumia mpwa wangu, safari tatu zilizoingiza shilingi 240,000. Mzee aliyekuja naye ndiye aliyemjibu, kwamba Mtume, s.a.w., amehukumu kuwa pato ni la yule aliyebeba dhamana: lau gari lingeungua katika siku zile tisa, hasara ingalikuwa ya kijana. Safari zote tatu zilikuwa kabla aibu haijajulikana, kwa hiyo hakukatwa.

Mwisho alisema alilinunua hivyo hivyo, na rangi aliikuta. Sikumbishia. Nilimwambia tu, "Ndugu yangu, hata kama hukujua, kitu hurudi. Lakini kama wataka tukuandike kuwa hukujua, apa." Alinyamaza kitambo kirefu, akitazama kanzu yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Fundi aliniambia limepona."

Alileta milioni kumi tarehe 4 Agosti, na milioni nne na nusu tarehe 19. Tulimwongeza muda huo kwa maandishi, na gari halikuondoka kwetu hata shilingi ya mwisho ilipohesabiwa. Zile 85,000 mpwa wangu alimsamehe. Alipokuwa akilipokea gari lake, muuzaji aliinama chini, akalitazama lile bamba lililokwanguliwa, akauliza kama tuna rangi ya kulirudishia. Mpwa wangu alimjibu kwa upole: "Liache hivyo, kaka. Atakayelinunua aone."