"Aongeze Bidii" Ipi?

Wiki ya kwanza ya fildi, Tunduma, mwezi wa saba. Shule zimefunguliwa, na mama mmoja amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu akiwa na ripoti ya muhula wa kwanza mkononi. Mwanawe yuko kidato cha pili. Hisabati: 28, F. Maoni: "Aongeze bidii sana."

Mwalimu wa darasa alikuwa kwenye kipindi, kwa hiyo nikapokea mimi. Nikamwamkia, nikampa kiti. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Mwalimu, huyu mtoto anakaa na madaftari mpaka saa sita usiku. Bidii ipi tena aongeze? Baba yake anasema kama ni hivi, bora aende naye kwenye lori awe utingo."

Nilimwambia nitafuatilia. Yaani nilikuwa nanunua muda tu.

Mwalimu anayenisimamia aliniita kwenye kompyuta akanionyesha maoni yale yalikotoka. Ripoti zinaandaliwa kwenye Eksel, na safu ya maoni inajijaza yenyewe:

```
=IF(F2>=75,"Hongera",IF(F2>=65,"Vizuri",IF(F2>=45,"Wastani",IF(F2>=30,"Aongeze bidii","Aongeze bidii sana"))))
```

Tazama vizuri. Fomula inasoma alama, kisha inairudia kwa maneno. Mzazi aliyeona F ameshaambiwa, na maoni hayajamwongezea kitu. Simlaumu aliyeiandika, maana darasa lina wanafunzi zaidi ya mia na ripoti zinatakiwa siku ya kufunga. Lakini mama yule alikuwa amekuja kuuliza jambo ambalo fomula haiwezi kulijua. Msimamizi wangu akanipa karatasi ya mtihani ya kijana yule, akasema, "Haya, andika upya tuone."

Nikaandika haraka: "Ni kijana mwenye heshima na anajitahidi. Asikate tamaa, tuendelee kumtia moyo." Nilijiona muungwana. Mwalimu akaisoma, akaniuliza, "Umefungua karatasi yake?" Sikuwa nimeifungua. Maneno yale ningeweza kumwandikia mtoto yeyote, na kwa mama mwenye F mkononi yangesikika kama tunamficha jambo. Upole usiosema ukweli unamwacha mzazi palepale alipokuwa.

Basi nikafungua karatasi. Maswali yalikuwa kumi, kila moja alama kumi. Swali la seti amepata 9, la takwimu 8. Maswali manne ya aljebra kwa pamoja amepata 11 kati ya 40. Manne yaliyobaki, ya kurasa za mwisho, hajayagusa kabisa. Mtu akiangalia 28 tu anaona mtoto asiyejua Hisabati. Karatasi ilikuwa na habari nyingine.

Kwenye swali moja alitakiwa kutatua 4(x + 1) − 2(x − 3) = 16. Mstari wake wa pili ulikuwa 4x + 4 − 2x − 6 = 16. Kutoa mbili mara kutoa tatu ni kujumlisha sita, yeye akaandika kutoa sita. Kuanzia hapo kila hatua ilikuwa sahihi, na akafika x = 9 badala ya x = 3. Nikatafuta kosa hilo kwenye maswali mengine matatu, nikalikuta kote. Tena alikuwa amekata na kurudia, swali moja mara tatu, na kila mara anatumbukia palepale. Kumbe ndiyo maana kurasa za mwisho zilikuwa tupu: muda ulimwishia kwenye aljebra.

Sasa "aongeze bidii" kwa mtoto kama huyu ina madhara. Usiku anakaa akirudia kosa lilelile kwa bidii zaidi.

Jaribio la pili niliandika yote niliyoyaona: ufunguaji wa mabano, vigawe hasi, mgawanyo wa muda katika mtihani. Msimamizi akacheka. "Hii ni ya kwangu mimi, siyo ya mama yake." Akanikumbusha kwamba nyumba nyingi ripoti inasomwa na mtoto mwenyewe kwa sauti, mzazi anasikiliza. Kwa hiyo kila neno lipite masikio mawili: mzazi alielewe, na mtoto aweze kulitamka mbele ya baba yake bila kudhalilika. Tangu hapo neno "mvivu" limenishinda kuandika. Kama hakukusanya kazi 6 kati ya 10, naandika hivyo hivyo. Kazi sita zinaweza kufuatiliwa, lakini uvivu unaishia kwenye fimbo.

Kilichonisumbua zaidi ni sehemu ya mzazi. Mama hajasoma aljebra, nimwombe afanye nini? Jibu lilikuwa kwenye swali lenyewe. Mlinganyo unajihakiki: unalirudisha jibu lako mahali pa x. Ukiweka 9, upande wa kushoto unatoa 40 − 12, yaani 28, wakati kulia pana 16. Ukiweka 3, unatoa 16 − 0, na pande zinalingana. Mtu asiyejua hatua hata moja anaweza kuangalia kama namba mbili zinafanana.

Maoni ya tatu yalikuwa haya: "Anafanya vizuri seti (9/10) na takwimu (8/10). Kwenye aljebra anajua hatua, ila anakosea alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano, anarudia sana, muda unamwishia. Nyumbani: kila Jumamosi afanye maswali matatu, akuonyeshe kwamba jibu akilirudisha kwenye swali pande mbili zinalingana. Shuleni: tutamsaidia kila Jumanne baada ya vipindi." Yalijaza mistari yote miwili na kupanda pembeni.

Mama aliporudi nikamsomea. Yeye anauza vitenge karibu na mpaka, anapokea shilingi na kwacha siku nzima. Nilipofika kwenye kurudisha jibu akanikatiza: "Kama chenji. Nikishampa mteja namwambia hesabu mbele yangu." Ndiyo, mama, kama chenji. Halafu akaomba nimwandikie zile 9 na 8 kwenye karatasi pembeni, kubwa, amwonyeshe baba yake.

Mwezi wa nane tulipofanya mtihani wa nusu muhula, niliomba mkondo mmoja wenye wanafunzi 46. Wakati wa kusahihisha niliweka daftari pembeni: jina, swali alilofanya vizuri, kosa linalojirudia. Kazi ya maoni inafanyika hapo, karatasi ikiwa bado mkononi. Ukisubiri mpaka alama ziingie kwenye Eksel, unabaki na namba tu. Kila mmoja alinichukua kama dakika sita, jioni nne kwa jumla. Kwa darasa zima la zaidi ya mia, peke yangu, nisingemaliza, na hapo ndipo fomula inapopata nafasi yake. Ningeanza na wenye F na wale walioshuka ghafla, maana hao ndio ambao nyumbani kuna uamuzi unasubiri ripoti.

Kijana wetu alipata 37. Ni D, siyo muujiza. Lakini alikuwa amegusa maswali nane, na pembeni mwa kila mlinganyo kulikuwa na mstari mdogo wa penseli: jibu limerudishwa, pande mbili zimelinganishwa. Kwenye swali moja hazikulingana, akaandika "bado", akaliacha, akaenda mbele. Hilo ndilo nililolitanguliza kwenye maoni yake.