Nane na Nusu ya Nani?

Mdogo wangu wa kike anacheza mpira wa miguu katika shule yake ya sekondari, Magharibi mwa Uganda. Muhula wa kwanza mwaka jana alinitumia ujumbe kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata kungekuwa na majaribio ya kuchagua wachezaji ambao shule ingewasamehe nusu ya karo. Alihitaji njumu. Nyumbani hakukuwa na fedha ya njumu, na mimi Kampala nilikuwa na shilingi elfu hamsini ambazo nilikuwa nimeziweka kando kwa ajili ya kupigisha chapa kazi yangu ya muhula. Nikamwuliza anavaa namba ngapi. Akageuza ulimi wa raba yake ya zamani, ambayo lebo yake ilikuwa imefutika karibu yote, akasoma kilichobaki: US 8.5.

Nilikwenda Owino asubuhi, marobota yakiwa yamefunguliwa punde. Muuzaji mmoja alinionyesha njumu nyeusi, karibu mpya, soli haijalika. Nikatazama lebo: US 8.5. Sikutazama kitu kingine. Tukavutana bei hadi elfu arobaini na mbili, nikazifunga kwenye gazeti na kumkabidhi kondakta wa basi la jioni. Njiani kurudi hosteli nilikuwa nikijipongeza.

Jumapili mama alinipigia simu. Alisema mtoto amerudi na kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, na kwamba jina lake limewekwa kwenye akiba. Mdogo wangu mwenyewe hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba njumu zilikuwa kubwa kidogo, kwa hiyo alivaa soksi tatu na kujaza kitambaa mbele, lakini kila aliposimama ghafla mguu uliteleza ukagonga ncha. Hilo la kucha lilinishangaza, kwa kuwa nilidhani kucha huumizwa na kiatu kidogo. Kumbe kiatu kikubwa hufanya vilevile, hasa kwa mtu anayekimbia na kusimama.

Nilimwomba asome lebo ya njumu hizo yote, kuanzia juu hadi chini. Akasoma: UK 7.5, US 8.5, EUR 42, CM 26.5. Raba yake ilitoka kwa kampuni ileile, kwa hiyo nilitafuta jedwali la kampuni hiyo. Nane na nusu ya kike ilikuwa EUR 40, CM 25. Namba moja, viatu viwili, na tofauti ya sentimita moja na nusu kati yao. Nilikuwa nimemnunulia nane na nusu ya kiume.

Wamarekani huhesabu viatu vya wanaume kwa kipimo kimoja na vya wanawake kwa kipimo kingine. Hatua kati ya namba na namba ni sawa pande zote mbili, yaani theluthi moja ya inchi, kama milimita nane na nusu. Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Kwa urefu uleule wa kiatu, namba ya kike huwa juu, mara nyingi kwa moja na nusu. Kwa hiyo mwanamke anayetafuta kiatu cha kiume hutoa moja na nusu: nane na nusu yake ni saba ya kiume. Mwanamume anayetafuta cha kike huongeza. Moja na nusu mara theluthi ya inchi ni nusu inchi kamili, na jedwali, linaloandika sentimita kwa kukadiria nusu nusu, huionyesha kuwa kubwa zaidi kidogo. Kwa mguu wa binadamu nusu inchi ni nyingi. Jaribu kuweka kidole chako cha shahada kwa ubavu mbele ya vidole vya mguu, uone nafasi hiyo.

Ningependa kusema kwamba moja na nusu ni sheria, lakini sivyo. Kiatu cha Nike cha saba ya kiume ni nane na nusu ya kike. Cha Adidas cha saba ya kiume ni nane ya kike, tofauti ya moja tu. Raba za turubai za Converse huandikwa namba zote mbili, na hapo saba ya kiume ni tisa ya kike, tofauti ya mbili. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote, jua kwanza kiatu ni cha nani.

Kosa la pili nililiona kwa mwenzangu wa chumbani, nilipokwisha kumfundisha hesabu yangu kwa majivuno. Yeye huvaa 40 ya Ulaya. Akaenda sokoni, akaona raba ya kiume ya 40, akatoa moja na nusu, akanunua 38.5. Hazikuingia hata kisigino. Namba za Ulaya hazina kiume na kike: kila namba ni theluthi mbili za sentimita, na 40 ni 40 kwa yeyote. Za Uingereza nazo, kwa kampuni nyingi, ni kipimo kimoja kwa wote. Kuhamisha namba ni kwa ile ya Kimarekani peke yake. Niliona aibu, maana nilimwambia jinsi ya kutoa bila kumwambia atoe wapi.

Kwa jaribio la pili sikumwuliza mdogo wangu namba. Nilimwambia akanyage karatasi jioni, baada ya mazoezi, mguu ukiwa umevimba kidogo, asimame wima, na mama achore kuzunguka mguu akishika kalamu wima. Miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja huzidi mwingine. Wa kulia ulitoka sentimita 24.4, wa kushoto 24.1. Tukashika wa kulia. Mama akatuma karatasi yenyewe kwa basi.

Safari hii nilikwenda sokoni na karatasi imekunjwa mfukoni, na fedha ya kukopa. Nilitafuta saba ya kiume, au CM 25. Nilipoipata nikang'oa soli ya ndani na kuilaza juu ya mchoro. Mbele ya kidole kirefu ilibaki karibu sentimita moja, na ndivyo inavyotakiwa. Muuzaji alinitazama, akasema, “Nyabo, kwani unashona nguo?”

Urefu ulikuwa sawa. Upana haukuwa. Kiatu cha kiume cha kawaida ni kipana kuliko cha kike cha urefu uleule, hasa kisiginoni, na hakuna namba unayoweza kutoa ili kuponya hilo. Ukipunguza namba, unafinya vidole ili kushika kisigino. Mdogo wangu alisema kisigino kilikuwa kikipanda alipokimbia. Tulichofanya ni kupitisha kamba kwenye tundu la mwisho la juu, ambalo watu wengi huliacha wazi, na kuvaa soksi moja nene. Kisigino kikatulia, si kabisa, lakini kiasi cha kucheza.

Kucha ilianguka mwezi wa pili na nyingine imeota. Njumu za 42 anavaa kaka yetu, zinamkaa vizuri sana. Mdogo wangu bado yuko kwenye akiba, na majaribio mengine ni muhula ujao.