Rozari ya Huruma Kitandani pa Mgonjwa

Mama yangu alipokuwa mahututi tulimsalia Rozari ya Huruma ya Mungu, aliyoiandika Sista Faustina mjini Vilnius mwaka 1935. Tulianza kwa Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Kwenye punje kubwa twamtolea Baba wa Milele Mwili na Damu, Roho na Umungu wa Mwanawe, kulipia dhambi zetu na za dunia nzima. Kwenye kumi ndogo twaomba, kwa mateso yake, atuhurumie. Vijana, kwa mazoea ya rozari ya Bikira, walitia Atukuzwe Baba baada ya kumi la kwanza. Hapa haimo; hufuata punje kubwa. Baada ya makumi matano husemwa Mungu Mtakatifu mara tatu. Mama aliitikia hadi kumi la nne. Kisha midomo tu ikatikisika.