Gari limelipwa, mkono wa dereva je?

Shemeji yangu aligonga ng'ombe usiku karibu na Gairo, gari likaacha barabara na kwenda kuparamia mti. Yeye alivunjika mkono wa kulia. Mpwa wangu wa miaka tisa, aliyekaa kiti cha nyuma, alivunjika paja. Kwa kuwa gari lilikuwa na bima kubwa, nyumbani wote tulijua hospitali italipwa na bima.

Mimi huandika habari za afya, kwa hiyo dada alinikabidhi makaratasi niyasome. Bima kubwa ililipa matengenezo ya gari. Mifupa haikuwemo. Palikuwa na ukurasa mmoja tu uliowahusu watu waliokuwa ndani: nyongeza ya ajali binafsi kwa dereva na abiria, ambayo wakala aliiweka kwa pesa kidogo juu ya bima.

Wengi tunachanganya nyongeza hii na ile sehemu ya bima inayolipa watu wengine, iliyo kwenye bima ndogo na bima kubwa pia. Hiyo ya pili inalipa deni lako. Ukimgonga mtu kwa uzembe, yeye anakudai, na bima inalipa kwa niaba yako. Sasa shemeji angemdai nani? Dereva hawezi kujidai mwenyewe. Mtoto angeweza kudai, lakini angelazimika kuonyesha kwamba baba yake aliendesha kwa uzembe. Ni familia gani italianza hilo huku mtoto bado ana vyuma kwenye paja?

Nyongeza ya ajali binafsi haiulizi nani mwenye makosa. Inauliza kama ulikuwa ndani ya gari, umeumia nini, na jedwali linasema nini. Jedwali la shemeji lilisema hivi: kifo, milioni 10, kupoteza kabisa mkono, mguu au jicho moja, nusu ya hiyo, kushindwa kufanya kazi kwa muda, shilingi 50,000 kwa wiki, zisizidi wiki 52, matibabu, hadi 500,000 kwa kila mtu. Viwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, ila sura ya jedwali hufanana.

Shemeji ana karakana ya useremala, na alikaa wiki kumi bila kushika randa. Akalipwa 500,000 za wiki hizo. Gharama zake za hospitali zilikuwa 1,400,000, bima ikarudisha 500,000 ikaishia hapo. Za mtoto zilikuwa 1,800,000, nazo zikarudishwa 500,000. Mtoto hana kipato, hivyo malipo ya wiki hayamhusu.

Miezi minane baadaye daktari aliupima tena ule mkono na kuandika kwamba umepoteza sehemu moja ya tano ya nguvu zake, na hautazirudisha. Kwenye mkataba wake, ulemavu usiokamilika hulipwa kwa uwiano. Mkono mzima ni milioni 5, sehemu yake ya tano ni milioni 1. Hapa msiharakishe, maana kidonda kibichi hakipimiki. Lakini msilale pia, kwa sababu mikataba mingi inataka ulemavu uwe umeonekana ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Sasa tuseme lori ndilo lingewagonga, na dereva wa lori ndiye mwenye makosa. Hapo bima ya lori ingedaiwa gharama zote za paja, maumivu, hata upasuaji wa kutoa vyuma baadaye, bila jedwali la kuzikata. Ingehitaji ushahidi, pengine wakili na mahakama, na muda mrefu. Fedha za wiki na za ulemavu kutoka kwenye nyongeza zisingekuzuia kudai huko, kwa sababu ni mafao uliyojinunulia, si fidia ya hasara. Matibabu ndiyo tofauti: risiti moja hailipwi mara mbili. Kama bima ya afya imeshalipa bili, nyongeza italipa tu kile ulichotoa mfukoni.

Mambo mawili huiangusha nyongeza hii. La kwanza ni dereva asiye na leseni halali au aliyelewa. Madai yake yanaweza kukataliwa moja kwa moja. La pili ni watoto kupakatwa. Mafao huhesabiwa kwa viti vilivyoandikwa, na gari la watu watano likibeba wanane, kampuni ina hoja ya kukataa au kupunguza. Angalia pia kifo cha mtoto kimeandikiwa kiasi gani, kwa sababu mara nyingi ni pungufu ya cha mtu mzima.

Dada alipeleka PF3 ya polisi, ripoti za daktari, karatasi za mapumziko ya kazi na risiti halisi, akabaki na nakala. Risiti mbili za duka la dawa hazikuwa na jina la mgonjwa. Zilirudishwa, akaenda kuziandikisha upya.